Ushahidi wa Wasiokula

Harusi nyingi za Kitengela hufanyika Jumamosi, na simu za kuulizana kuhusu matumbo huanza Jumapili. Shangazi yuko Isinya anahara tangu saa nane usiku. Binamu waliorudi Kajiado mjini kwa matatu moja wanapokezana choo. Mpambe wa bibi harusi ametundikiwa maji katika kliniki iliyo kando ya barabara ya Namanga. Kufikia jioni, kundi la WhatsApp la kamati ya harusi limekwisha kukata kesi: ni kuku. Mmoja aliona damu karibu na mfupa, mwingine sasa anakumbuka kwamba kuku yule alikuwa na harufu. Mpishi naye ana jibu lake: kuku alikuwa safi, watu walishindilia nyama ya moto kwa soda baridi.

Afisa wa afya ya umma anayepokea habari hizo haanzi na kuku wala soda. Anaanza na orodha ya kila chakula kilichoandaliwa, na kwa kila chakula anauliza maswali mawili. Kati ya waliokila, wangapi waliugua? Na kati ya wasiokila, wangapi waliugua? Majibu huingia katika jedwali ambalo mstari wake mmoja ni chakula kimoja. Kinachohesabiwa ni kiwango cha kuugua, yaani idadi ya wagonjwa ikigawanywa kwa idadi ya watu wote wa kundi hilo, wazima na wagonjwa pamoja. Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Ugumu uko kwingine: watu wote huvutwa na swali la kwanza, ilhali jibu la kesi liko katika la pili.

Karamu ya Lycoming

Mfano unaofundishia somo hili duniani kote haukutoka harusini bali kanisani. Tarehe 18 Aprili 1940, waumini wa kijiji cha Lycoming, kaunti ya Oswego, jimbo la New York, walikula chakula cha jioni katika chumba cha chini cha kanisa lao. Vyakula vililetwa na waumini wenyewe, kila nyumba na sufuria yake, na watu wakala kwa zamu kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tano usiku. Usiku uleule wengi wao walianza kichefuchefu, kutapika, kuhara na kusokotwa na tumbo. Hawakuwa na homa, na katika muda wa saa 24 hadi 30 wote walikuwa wamepona. Walihudhuria watu 80. Daktari A. M. Rubin, aliyekuwa akijifunza kazi ya kuchunguza milipuko, na wenzake waliwahoji 75, wagonjwa kwa wazima, na kukuta 46 waliougua. Kiwango cha kuugua kwa karamu nzima kikawa asilimia 61.

Hii hapa sehemu ya jedwali lao. Nimechagua vyakula sita, na asilimia nimeziandika kwa nambari nzima.

| Chakula | Waliokula | Wakaugua | Asilimia | Wasiokula | Wakaugua | Asilimia |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Nyama ya nguruwe iliyookwa | 46 | 29 | 63 | 29 | 17 | 59 |
| Spinachi | 43 | 26 | 60 | 32 | 20 | 63 |
| Jeli | 23 | 16 | 70 | 52 | 30 | 58 |
| Keki | 40 | 27 | 68 | 35 | 19 | 54 |
| Aiskrimu ya vanila | 54 | 43 | 80 | 21 | 3 | 14 |
| Aiskrimu ya chokoleti | 47 | 25 | 53 | 27 | 20 | 74 |

Soma kwanza upande wa waliokula peke yake, kama kamati ya harusi ingefanya. Nyama ya nguruwe: watu 29 waliokula nyama hiyo waliugua. Idadi hiyo inatosha kumfukuzisha mpishi kazi. Jeli inaonekana mbaya zaidi, kwa maana kati ya kila watu kumi walioionja, saba walilala wakitapika.

Sasa soma upande wa pili. Wale ambao hawakuigusa nyama ya nguruwe waliugua kwa asilimia 59, karibu sawa na waliokula. Kuikwepa nyama hakukumwokoa mtu, kwa hiyo nyama haina kesi. Jeli vilevile: wasioila waliugua kwa asilimia 58. Pengo lipo, lakini dogo, na zaidi ya hapo jeli inaangushwa na jambo jingine. Wagonjwa wote walikuwa 46, na walioila jeli miongoni mwao ni 16 tu. Hata tukisema jeli ilikuwa sumu tupu, bado kuna wagonjwa 30 ambao hatujui waliugua kwa nini.

Aiskrimu ya vanila ndiyo pekee inayopita mitihani yote mitatu. Waliokula waliugua kwa wingi, asilimia 80. Wasiokula waliugua kwa uchache, asilimia 14. Na takriban wagonjwa wote walikuwa wameila: 43 kati ya 46. Ukigawanya asilimia ya waliokula kwa asilimia ya wasiokula unapata uwiano wa hatari, ambao hapa ni 5.6. Maana yake ni kwamba aliyekula aiskrimu ya vanila alikuwa na uwezekano wa kuugua mara tano na nusu hivi kuliko aliyeipita. Kwa spinachi uwiano huo ni karibu na 1, yaani kula au kutokula hakukuleta tofauti.

Msomaji makini atauliza kuhusu wale watatu waliougua bila kuila vanila, na wale 11 walioila wakalala salama. Hakuna jedwali la kweli ambalo visanduku hivyo huwa tupu. Mtu husahau alichokula, au huonja kijiko cha mwenzake na asihesabu kwamba alikula. Kijiko kimoja hupakua sahani mbili. Katika kundi la watu 75 hakukosekani mwenye tumbo baya lililotoka kwingine. Kwa upande wa walionusurika, sumu haigawanyiki sawasawa ndani ya chombo, sehemu za watu hazilingani, na miili haiko sawa. Ukiona jedwali la asilimia 100 upande mmoja na sifuri upande wa pili, anza kumshuku aliyekusanya takwimu.

Mstari wa chokoleti nao unashangaza: walioila waliugua kwa uchache kuliko wasioila, kana kwamba chokoleti ilikuwa dawa. Haikuwa dawa. Mtu aliyechukua chokoleti mara nyingi alikuwa ameiacha vanila, kwa hiyo kundi la wasiokula chokoleti lilijaa walaji wa vanila. Chakula kimoja kinaweza kubeba sifa au lawama ya jirani yake. Tutalikuta jambo hilohilo Kitengela, likiwa limegeuzwa upande.

Kuipata hesabu yenyewe

Lycoming ilikuwa na bahati. Watu walikuwa 80, walijuana, na karibu wote walipatikana. Harusi ya Kitengela ina mamia ya wageni, kadi zilizogawanywa ni chache kuliko watu waliokuja, na majirani waliosikia muziki wakaingia hawamo katika daftari lolote. Mezani kuna pilau, wali mweupe, chapati, mukimo, mchuzi wa ng'ombe, kuku, kabichi, kachumbari, matunda, soda na keki. Wazee wa boma mara nyingi wamechinjiwa mbuzi wao na wanachoma pembeni, mbali na mahema. Hapo ndipo kazi ya kweli inapoanza, na jedwali huweza kuharibika hata kabla ya kugawanya nambari ya kwanza.

Jambo la kwanza ni kuamua mgonjwa ni nani. Ni lazima iandikwe kabla ya mahojiano, kwa maneno yasiyobishaniwa, mathalani: mtu yeyote aliyekula kwenye harusi ile, ambaye kati ya Jumamosi saa kumi na mbili jioni na Jumatatu saa kumi na mbili jioni aliharisha mara tatu au zaidi ndani ya siku moja, au alitapika. Bila mpaka huo, aliyejisikia tumbo zito kwa kula sana ataingia katika safu ya wagonjwa, na kila mmoja wa aina hiyo atapunguza pengo kati ya chakula chenye hatia na kisicho nayo.

Jambo la pili ni kuwatafuta wazima kwa bidii ileile ya kuwatafuta wagonjwa. Hili ndilo linalosahaulika zaidi. Wagonjwa wako hospitalini na majina yao yamo katika rejista. Wazima wamerudi kazini, mmoja yuko kiwandani kule Athi River, mwingine amepeleka mifugo Ilbisil. Afisa akihoji waliolazwa pekee atapata orodha ndefu ya watu waliokula pilau, kwa sababu takriban kila mtu harusini alikula pilau. Orodha hiyo haiwezi kumwambia lolote, kwa sababu haina wa kulinganishwa naye. Njia nyepesi ni kuanza na orodha ya kamati, daftari la michango na kundi la WhatsApp, kisha kila anayehojiwa anaombwa awataje wote aliokaa nao meza moja, awe anajua wanaumwa au la.

Jambo la tatu ni namna ya kuuliza. Ukimuuliza mtu, "Mama, unadhani ni nini kilikudhuru?" utapata jibu la kundi la WhatsApp. Afisa mzoefu hupita chakula kimoja kimoja kwa mpangilio uleule kwa kila mtu: "Mama, ulipofika mezani, ulipakuliwa wali? Mchuzi wa ng'ombe je? Kachumbari?" Majibu ni matatu tu: alikula, hakula, hakumbuki. Asiyekumbuka haingizwi upande wowote wa mstari huo, na ndiyo maana jumla za mistari hazilingani kila mara. Katika jedwali la Lycoming, ukijumlisha mstari wa chokoleti unapata watu 74, si 75.

Kumbukumbu hupotea haraka, na mgonjwa hukumbuka kuliko mzima kwa sababu amekuwa akijiuliza usiku kucha alikula nini. Dawa yake ni kuhoji ndani ya siku mbili tatu. Harusi zina msaada mmoja ambao karamu nyingine hazina: kuna mpiga picha na mpiga video. Video inaonyesha foleni ya chakula, sahani zikipita mbele ya kamera, na saa ambayo kila hema lilipakuliwa. Sahani ya mtu inayoonekana ina chapati na mchuzi bila wali ina nguvu kuliko kumbukumbu yake ya siku tatu baadaye.

Zoezi: wali au mchuzi?

Tuchukue sasa harusi ya kufundishia. Nambari zifuatazo nimezitunga ili hesabu ionekane wazi. Si za harusi yoyote iliyofanyika. Chakula cha mchana kilipakuliwa saa tisa alasiri. Afisa na wenzake wamewahoji wageni 120, na wagonjwa ni 60. Wengi walianza kuharisha na kukatwa na tumbo kati ya saa saba usiku na saa kumi na moja alfajiri, waliotapika ni wachache, na homa hakuna.

Kuku, mshukiwa wa WhatsApp, anatoka mapema: waliomla waliugua kwa asilimia 51, wasiomla kwa asilimia 49. Kachumbari, kabichi na keki zinafuata njia hiyohiyo. Mistari miwili tu ndiyo yenye pengo.

| Chakula | Waliokula | Wakaugua | Asilimia | Wasiokula | Wakaugua | Asilimia |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Wali mweupe | 80 | 50 | 63 | 40 | 10 | 25 |
| Mchuzi wa ng'ombe | 80 | 56 | 70 | 40 | 4 | 10 |

Wali una uwiano wa hatari wa 2.5 na mchuzi una 7. Mwenye haraka atasema vyote viwili vilichafuka. Lakini tunajua namna watu wanavyokula: anayepakuliwa wali huwekewa mchuzi juu yake. Huenda basi wali unaonekana mbaya kwa sababu tu ya aliyeandamana naye. Njia ya kujua ni kuvitenganisha, yaani kuwapanga wageni katika makundi manne na kuhesabu kila kundi peke yake.

| Kundi | Watu | Wakaugua | Asilimia |
|---|---|---|---|
| Wali na mchuzi | 70 | 49 | 70 |
| Mchuzi bila wali | 10 | 7 | 70 |
| Wali bila mchuzi | 10 | 1 | 10 |
| Hawakula chochote kati ya hivyo | 30 | 3 | 10 |

Linganisha mistari miwili ya kwanza. Wote walikula mchuzi. Wenye wali na waliokula kwa chapati waliugua sawasawa. Linganisha miwili ya mwisho. Wote waliuacha mchuzi. Wali haukuwaongezea hatari yoyote. Kumbe lile pengo la wali lilikuwa la kuazima. Waliotupa jibu ni watu 20 pekee: kumi waliokula mchuzi kwa chapati, na kumi waliokula wali kwa kuku au kabichi. Wale 70 waliopakuliwa vyote viwili, ingawa ndio wengi na ndio wenye wagonjwa wengi zaidi, hawawezi kutuambia ni kipi kati ya viwili.

Hapo pia ndipo penye udhaifu. Kundi la watu kumi ni dogo. Iwapo wawili zaidi kati ya waliokula wali bila mchuzi wangeugua, asilimia 10 ingeruka hadi 30 na shaka ingerudi. Kwa hiyo afisa akishaona kwamba kesi imebaki kati ya vyakula viwili vinavyoandamana, haongezi mahojiano ovyo. Anawatafuta hasa watu waliovitenganisha: wanaokula chapati, watoto waliopewa wali mkavu, wazee waliokula nyama choma pembeni na baadaye wakaletewa wali.

Anaweza pia kuuliza kiasi. Waliopakuliwa upawa mmoja wa mchuzi waliugua kwa kiwango gani, na walioongezewa je? Kiwango kikipanda kadiri sehemu inavyoongezeka, kesi ya mchuzi inaimarika. Na kwa kuwa harusi kubwa hupikiwa katika sufuria zaidi ya moja, aulize ni hema gani lilipakuliwa kutoka sufuria ipi. Mchuzi wa hema la wazazi unaweza kuwa salama huku wa hema la marafiki ukiwa na wadudu. Ukiwachanganya walaji wa sufuria mbili katika mstari mmoja, kiwango cha waliokula kinashuka na chakula chenye hatia kinaonekana nusu safi.

Jedwali linapokaa kimya

Kuna kesi ambazo jedwali haliwezi kuzitatua hata likijazwa kwa uangalifu. Ya kwanza ni chakula ambacho kila mtu alikula. Ikiwa wageni wote 120 walikula pilau, safu ya wasiokula ina sifuri, na hakuna mgawanyo unaowezekana. Pilau inaweza kuwa ndiyo chanzo na jedwali lisiseme neno. Maji ndiyo mshukiwa mkubwa wa aina hii. Sehemu nyingi za Kitengela hutegemea visima na boza, na maji ya boza moja huweza kuingia katika sharubati, katika kuosha kachumbari, katika barafu na katika kunawa mikono. Hapo vyakula kadhaa huonyesha mapengo madogomadogo bila hata kimoja kushinda, na hiyo ni ishara ya kuacha kuuliza kuhusu sahani na kuanza kuuliza kuhusu kilichopita ndani ya sahani zote.

Kesi ya pili ni ugonjwa unaochelewa kujitokeza. Juni 2017, wageni wa harusi moja iliyofanyika Karen, mahali pasipo mbali na mpaka wa Kajiado, waliugua kipindupindu, na mwezi uliofuata ugonjwa huo ukawapata watu waliokuwa katika maonyesho ya biashara jijini Nairobi. Kipindupindu huchukua muda wa saa chache hadi siku tano kujionyesha. Mgonjwa wa siku ya nne amekwisha kula milo kumi mingine, na huenda ameambukizwa na mtu wa nyumbani kwake aliyekuwa harusini, si na chakula cha harusi. Akiingizwa katika jedwali kama mlaji wa kachumbari, anapotosha. Ndiyo maana ile saa ya mwisho katika maelezo ya mgonjwa ni muhimu: inawaacha nje wagonjwa wa mkumbo wa pili.

Kesi ya tatu ni pale umati unapokuwa hauna orodha. Ikiwa hujui waliohudhuria ni 300 au 700, huwezi kupata kiwango cha kuugua, kwa sababu hujui ugawanye kwa ngapi. Wachunguzi hapo huchukua wagonjwa kadhaa na wazima kadhaa waliokuwa kwenye karamu ileile, kisha wanageuza swali: kati ya wagonjwa, wangapi walikula mchuzi, na kati ya wazima, wangapi waliula? Kosa la kawaida ni kuchukua wagonjwa 40 na wazima 40, kisha kuandika kwamba asilimia 50 ya wageni waliugua. Asilimia hiyo aliitengeneza mchunguzi mwenyewe alipochagua idadi sawa. Haihusu harusi.

Kutoka jedwali hadi jikoni

Jedwali linataja chakula. Halitaji mdudu wala kosa. Lakini likiwekwa pamoja na saa, linaelekeza. Kutapika ndani ya saa moja hadi sita baada ya kula kunaelekeza kwenye sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula na bakteria kama *Staphylococcus aureus*, wanaotoka katika pua, koo na majeraha ya wapishi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Lycoming, ambako wale waliojulikana saa zao waliugua kwa wastani saa nne baada ya kula. Mchanganyiko wa maziwa na mayai wa aiskrimu ulikuwa umeachwa usiku kucha katika chumba cha chini cha kanisa kabla ya kugandishwa.

Katika zoezi letu, muda ni wa saa 10 hadi 14, kuhara na kukatwa na tumbo kukiwa kwingi, kutapika kuchache, homa hakuna. Hiyo ni tabia ya *Clostridium perfringens*, ambayo kwa kawaida huchukua saa 6 hadi 24. Mbegu zake hustahimili kuchemka. Mchuzi ukiisha kuiva na kuachwa upoe polepole, mbegu hizo huamka, na mchuzi ukiwa kwenye nyuzijoto 43 hadi 47, idadi ya bakteria huweza kuongezeka maradufu kila dakika kumi hivi.

Kwa hiyo afisa haingii jikoni akikagua kila kitu kuanzia kucha za wapakuaji. Anauliza kuhusu mchuzi. Ulipikwa lini? Kama ulipikwa Ijumaa usiku, ulipoezwa katika nini? Sufuria la lita mia moja lililofunikwa na kuachwa sakafuni bado lina uvuguvugu katikati asubuhi ya pili, ingawa juu limepoa na linaonekana limetulia. Jumamosi ulipashwa hadi ukachemka kote, au ulipashwa hadi ukatoa moshi pembeni? Uliwekwa mezani saa ngapi, na vile vyombo vya kupashia chakula vilikuwa na moto chini yake au vilikuwa pambo? Kuna kanuni moja anayoibeba: chakula kisikae kwa saa nyingi kati ya nyuzijoto 5 na 60. Ndani ya mipaka hiyo anatafuta saa zilizopotea.

Masalio ya mchuzi, kama yapo, huchukuliwa kwa kijiko safi na kuwekwa katika chombo kilichotakaswa. Chombo kinafungwa, kinaandikwa na kupelekwa maabara kikiwa baridi lakini hakijagandishwa, kwa sababu bakteria huyu hufa kwa wingi katika friza. Chakula kikikutwa na bakteria laki moja au zaidi kwa gramu moja, hatia inathibitishwa. Kinyesi cha wagonjwa wawili au zaidi kinaweza kuthibitisha pia. Mara nyingi, hata hivyo, masalio yamekwisha kugawiwa majirani au kutupiwa mbwa Jumapili asubuhi, na jedwali ndilo ushahidi pekee uliobaki.

Matokeo ya maabara yanaweza kuchukua siku nyingi, hasa sampuli ikibidi kusafiri hadi Nairobi. Mahojiano ya wageni mia moja na kitu yanaweza kukamilika Jumanne, na jedwali likajazwa jioni ileile kwa kalamu na kikokotoo. Mpishi aliyepika harusi hii ana harusi nyingine Jumamosi inayokuja, kwa sufuria zilezile na pengine kwa desturi ileile ya kupika mchuzi Ijumaa. Afisa hahitaji jina la bakteria ili kumwambia agawanye mchuzi katika vyombo vya kina kifupi upoe upesi, au aupike asubuhi ya siku ya karamu. Anahitaji kujua kwamba ni mchuzi, wala si kuku, wali au soda baridi. Atakachokiandika katika ripoti kiwe na kipimo: kwamba waliokula mchuzi waliugua mara saba zaidi ya wasioula, kwamba unaeleza wagonjwa 56 kati ya 60, na kwamba wale wanne waliobaki hawajaelezwa.